Orodha ya tiki kwenye grupu la harusi: dhana potofu na ukweli wa kukumbusha ahadi

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Tanzania anaijua orodha hiyo. Mweka hazina anaiweka kwenye grupu la WhatsApp: namba, jina, ahadi, kisha tiki ya kijani kwa aliyelipa. Asiyelipa anabaki na nafasi tupu mbele ya jina lake, na kila anayelipa anapoirudisha orodha ikiwa na tiki mpya, nafasi ile tupu inasomwa upya na watu arobaini. Nimekuwa mweka hazina wa harusi ya familia, na nilianza kwa orodha hiyohiyo. Niliiacha wiki ya tatu.

Dhana: Majina yakionekana, watu watalipa haraka

Ukweli ni kwamba orodha inawaharakisha wale ambao wangelipa hata bila orodha. Mwenye fedha aliyesahau angetosheka na ujumbe mmoja. Asiye nazo hazipati kwa kuonekana. Anachofanya ni kunyamazisha grupu, kuacha kuja vikaoni, na mwisho kutopokea simu yako. Hapo umepoteza mchango na umempoteza mtu aliyekuwa asimamie usafiri au vinywaji.

Wengine hudhani dawa ni kutaja waliolipa tu, kwa kuwapongeza. Kwenye grupu la watu wanaofahamiana, asiyetajwa anajulikana ndani ya dakika moja. Pongezi nayo itumwe kwa mtu mwenyewe, pamoja na kiasi ulichopokea na tarehe, maana hiyo ndiyo risiti yake.

Dhana: Kuficha majina ni kukosa uwazi

Wajumbe wana haki ya kujua fedha zimefika ngapi na zimekwenda wapi. Haki hiyo inatimizwa kwa mistari mitatu kila Jumapili: jumla ya ahadi, zilizolipwa, zilizobaki. Daftari lenye majina liwe mikononi mwa mweka hazina, na mwenyekiti na katibu walikague pamoja naye. Watu watatu wanatosha kuzuia wizi, na arobaini hawaongezi ulinzi wowote.

Dhana: Ambaye hana tiki hajalipa

Hapa ndipo aibu kubwa hutokea, tena kwa mtu asiye na kosa. Nieleze ilivyokuwa kwetu.

Ahadi zote zilikuwa shilingi 8,400,000. Daftari langu lilionyesha zimelipwa 5,150,000, na watu 11 walikuwa bado wanadaiwa 3,250,000. Nilikuwa karibu kuwaandikia wote. Nikaangalia kwanza salio la laini tuliyoitenga kwa michango, ambayo hatukuwa tumeitumia kwa malipo yoyote: ilikuwa na 5,300,000. Salio likizidi daftari, maana yake kuna mtu ameshalipa na wewe bado unamhesabu mdaiwa. Nilipopitia meseji za miamala moja baada ya nyingine, nikakuta 150,000 iliyotoka kwa jina nisilolijua. Ilikuwa laini ya mke wa mjumbe wetu mmoja, naye alikuwa ametuma siku kumi zilizopita.

Kisha nikamuuliza mwenyekiti kama kuna aliyempa fedha mkononi. Kumbe alikuwa na 200,000 aliyokabidhiwa baada ya kikao, akasahau kuniletea. Wadaiwa wakabaki 9 na deni likawa 2,900,000. Ningetuma orodha asubuhi ile, wawili waliolipa kwa uaminifu wangesomwa kama wakwepaji, na marekebisho ya baadaye huwa hayasomwi na wote walioliona kosa.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu umekuwa huu: nalinganisha salio na daftari, nauliza viongozi kuhusu fedha taslimu, halafu ndiyo nakumbusha.

Dhana: Ukishamwandikia faragha, umemsitiri

Si lazima. Simu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo ya ujumbe hata ikiwa imefungwa, na simu huwa mezani kazini au mkononi mwa mtoto. Ukianza na "Unadaiwa 300,000", aliye jirani amesoma. Pengine hata mwenza wake hajui aliahidi kiasi gani. Salamu itangulie, na kiasi usikitaje kabisa kwenye ujumbe wa kwanza, mhusika anakijua.

Brodkasti ya WhatsApp nayo ina mtego. Ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Unaweza kuamini umewakumbusha wote tisa kumbe wamepata watano, kisha ukawalaumu wanne kwa kimya chao. Tena ujumbe wa jumla unajulikana kwa harufu: "Ndugu mjumbe" haimhusu mtu yeyote.

Mimi niliandika mmoja mmoja, hivi:

"Habari za jioni dada. Naweka sawa hesabu za kamati. Sijaona muamala wako, huenda ulitumia laini nyingine ukanipita. Kama umeshatuma, nipe namba ya muamala nirekebishe. Kama bado, tarehe ipi inakufaa? Na kama mambo yamebadilika, niambie kiasi kinachowezekana, kitabaki kwangu."

Sentensi ya muamala inampa mlango wa kuingilia bila kujitetea. Swali la tarehe linajibika kwa neno moja, tofauti na "utalipa lini?" ambalo lina ukali wa polisi. Ya mwisho ndiyo watu wengi huiogopa, wakidhani kila mtu atapunguza. Kati ya tisa, aliyepunguza ni mmoja: kutoka 500,000 hadi 200,000, na hizo akazituma usiku uleule. Sita walitaja tarehe za baada ya mshahara, wakazitimiza, wengine kwa awamu mbili.

Kwa mzee mmoja kati ya hao tisa sikuandika. Nilimwomba baba mdogo, wa rika lake, ampigie na kumjulia hali kwanza. Mtoto kumuuliza mzee habari za fedha kwa meseji ni kumvunjia heshima hata maneno yakiwa laini. Mzee alilipa.

Dhana: Ahadi ni deni, kwa hiyo bajeti ifuate ahadi

Methali ni ya mwenye kuahidi, ajikumbushe mwenyewe. Kamati ikiigeuza kuwa bajeti, inamlipa mpambaji na mpishi malipo ya awali kwa fedha ambazo hazijafika, na wiki ya mwisho mweka hazina anaingia grupuni kwa hasira kwa sababu amebanwa. Ukali mwingi wa grupuni unazaliwa na mkataba uliosainiwa mapema. Sisi tulisaini kwa fedha zilizopo tu, na kumbusho la kwanza tukaliweka baada ya tarehe za mishahara, miezi miwili kabla ya harusi.

Aliyebaki wa tisa hakujibu jumbe mbili. Sikutuma wa tatu. Nilimuuliza taratibu rafiki aliyemleta kwenye kamati, nikaambiwa ana mgonjwa hospitali. Nilimwandikia pole, bila neno la mchango, na kwenye daftari nikaifuta ahadi yake ya 300,000. Pamoja na 300,000 iliyopunguzwa, tulifunga na 7,800,000. Tukaondoa gari moja la msafara na kupunguza keki.

Siku ya kuvunja kamati nilisoma mapato, matumizi na salio. Mtu mmoja akauliza nani hakumaliza ahadi. Mwenyekiti akajibu kwamba daftari limeshafungwa, akaomba chakula kiletwe. Yule mwenye mgonjwa alikuwepo, amekaa meza ya pili.