Karani wa ghala aliyeuza likizo yake: siku moja ina thamani gani, na kodi inaingiaje

Mwezi wa pili, korosho zilipokwisha kuondoka maghalani, alikuja ofisini kwangu hapa Mtwara dada mmoja, karani wa ghala. Alifungua fundo la kanga, akatoa slipu ya mshahara iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Kaka, niliambiwa nitalipwa likizo yangu yote. Hii hela imeliwa wapi?"

Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Likizo yake ilikuwa imeangukia Novemba, minada ikiwa imepamba moto, na bosi wake akamwomba abaki kazini na kulipwa. Alikubali. Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka mingi kati ya Mtwara, Masasi na Lindi, na ombi la namna hii hurudi kila msimu. Slipu yake ilikuwa na makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara, ndiyo maana naieleza hapa kwa ruhusa yake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi kumi na miwili. Neno "mfululizo" ndilo la kushika: Jumapili zimo, na sikukuu zikiangukia humo zimo pia. Akiitwa kazini badala ya kupumzika, naye akikubali, mwajiri anapaswa kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo hiyo, lakini si kwa miaka miwili mfululizo. Sheria inasema mwajiri anaweza kumwita kazini, haisemi lazima amwite. Kwa hiyo mfanyakazi hawezi kumlazimisha mwajiri ainunue likizo, na mwaka unaofuata ni lazima apumzike.

Sasa slipu. Mhasibu alikuwa ameandika malipo ya likizo shilingi 624,000. Nilipomuuliza kwa simu, akanieleza kwa upole alivyofika pale: mshahara kugawa kwa 30 ni 26,000 kwa siku, na likizo ina siku za kazi 24 ukitoa Jumapili nne, kwa hiyo 26,000 mara 24. Hesabu yenyewe ya kuzidisha ni sahihi. Kosa ni kwamba amechanganya kalenda mbili.

Ukigawa mshahara kwa 30, unahesabu kila siku ya mwezi, Jumapili ikiwemo. Basi na likizo uihesabu hivyo hivyo, siku 28, upate 728,000. Ukitaka kuhesabu siku za kazi tu, ugawanye mshahara kwa siku za kazi. Jedwali la Kwanza la sheria ile ile linaelekeza hivi: gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki katika mwezi, kisha gawanya kwa siku za kazi za wiki. Kwa wiki ya siku sita ni sawa na kugawa kwa 26. Kwa wiki ya siku tano ni kama kugawa kwa 21.67. Kwa dada huyu siku moja ni 780,000 kwa 26, yaani 30,000, na siku 24 ni 720,000. Njia mbili zilizo safi zinakaribiana. Ile iliyochanganywa inampunja karibu laki moja, na ukiichanganya kwa upande wa pili, 30,000 mara 28, anayepunjwa ni mwajiri. Ukiona slipu yenye kigawanyo 30 na siku 24 au 20, simama hapo hapo.

Lakini yeye aliuza likizo nzima, na kwa likizo nzima sheria imetaja mshahara wa mwezi mmoja. Hapo hakuna haja ya kuhesabu siku. Malipo yake ni 780,000, na mhasibu alikubali kurekebisha.

Thamani ya siku inakuja kuwa na kazi kubwa mtu anapoacha kazi katikati ya mzunguko. Sheria inampa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Akiondoka baada ya miezi saba, siku 26 kila mwezi, amefanya siku 182. Gawa kwa 13 unapata siku 14, mara 30,000 ni 420,000. Posho ya nyumba au ya usafiri haiingii, kwa sababu msingi ni mshahara wa msingi peke yake.

Kosa la pili lilikuwa la kodi, na hili lilimuumiza zaidi kwa sababu hakulitegemea. Fedha hizo zilikuwa zimelipwa kwa vocha ya pembeni bila kukatwa PAYE, kisha mwezi uliofuata mhasibu akashtuka na kuikata yote kwa mkupuo. Sheria ya Kodi ya Mapato inataja waziwazi malipo badala ya likizo kuwa ni mapato ya ajira. Hayana msamaha. Yanajumlishwa na mshahara wa mwezi yanapolipwa, na mwajiri anapeleka kodi TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Asipokata, deni linamrudia yeye.

Kwa mwezi wa kawaida, mshahara wake ukitoa asilimia 10 ya NSSF unabaki 702,000 wa kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayepita 520,000 analipa 20,000 na asilimia 20 ya ziada, kwa hiyo yeye hulipa 56,400. Ukiongeza 780,000 ya likizo, inakuwa 1,482,000. Juu ya milioni moja ni 128,000 na asilimia 30 ya ziada, jumla 272,600. Kodi iliyoletwa na likizo ni tofauti ya hizo mbili, 216,200, na mkononi zinabaki 563,800. NSSF hapo nimeihesabu kwenye mshahara tu. Mwajiri akiikata na kwenye malipo ya likizo, kodi inashuka kidogo na akiba yake inapanda.

"Kwa hiyo wamenikata mara mbili?" akauliza. Hapana. Kila shilingi imetozwa mara moja, ila shilingi za likizo zimekaa juu ya mshahara, kwenye ngazi za asilimia 20, 25 na 30, wakati 270,000 za kwanza zisizotozwa zimekwisha kuliwa na mshahara wenyewe.

Kuna njia halali ya kupunguza uzito. Kodi ya ajira hufuata mwezi fedha inapolipwa. Wakikubaliana kwa maandishi alipwe 390,000 mwezi huu na 390,000 mwezi ujao, kodi ya likizo inakuwa 99,200 kila mwezi, jumla 198,400. Anaokoa 17,800. Lazima fedha zilipwe kweli katika miezi hiyo miwili. Kuandika tarehe za uongo kwenye slipu ni kosa.

Jambo moja nililomsisitizia: atunze nakala ya fomu ya likizo iliyoandikwa kwamba anahitajika kazini. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au kumi na miwili kama alikubali kuongezewa muda kwa sababu za kikazi. Ikipita hapo bila karatasi, akiacha kazi anaweza kukosa hata siku moja ya kulipwa. Fomu yake alikuwa nayo, imekunjwa mara nne vilevile, ndani ya fundo lile lile.