Njia Nyeupe juu ya Jiwe la Bismarck: kuiongeza katika picha ya usiku bila kuipotosha mbingu ya Mwanza

Kijana mmoja alituletea picha aliyoipiga usiku, ukingoni mwa Ziwa Viktoria mjini Mwanza, akiomba tumsaidie kuichapa kwa ukubwa wa ukutani. Jiwe la Bismarck, lile linalochomoza majini karibu na ufuko, lilikuwa limetoka vizuri, likiwa limeangazwa na taa za mjini, na mbingu iliyo nyuma yake ilikuwa safi isiyo na wingu. Juu ya maji, hata hivyo, ulisimama mkanda wa Njia Nyeupe uliong'aa kuliko taa za mjini zenyewe, huku sehemu yake nene kuliko zote ikiwa imekaa juu ya ziwa kana kwamba inataka kunywa maji. Alikiri bila kusitasita kwamba mkanda ule ameuchukua kwenye picha nyingine. Kosa lake halikuwa kuunganisha picha mbili, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na wapiga picha wengi wa usiku. Kosa lilikuwa kwamba mbingu aliyoiweka haijapata kuonekana Mwanza tangu mji huu uwepo, wala haitaonekana.

Mwanza iko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Moyo wa Njia Nyeupe, yaani ile sehemu nene na angavu iliyo kati ya kundinyota la Mshale na mkia wa Nge, uko takribani nyuzi 29 kusini mwa mstari wa ikweta ya mbinguni. Kutokana na hesabu hizo mbili, kwetu moyo huo huchomoza upande wa mashariki ukielekea kidogo kusini, hupita kusini ukiwa juu sana, nyuzi zaidi ya 60 kutoka upeo wa macho, kisha hutua magharibi ukielekea kidogo kusini. Anayeishi Ulaya humwona Nge akiburura mkia karibu kabisa na ardhi upande wa kusini, na hapo ndipo inapotoka ile picha inayosambaa sana ya moyo wa Njia Nyeupe uliokaa juu ya mstari wa upeo, Nge akiwa kulia na Mshale kushoto kwa kimo kinachokaribiana. Picha hiyo ni ya kweli huko ilikopigwa, lakini ukiibandika juu ya ghuba yetu unakuwa umemhamisha Nge wa watu.

Basi mbingu halisi ikoje? Tuchukue katikati ya Septemba, kwa sababu mwezi huo jioni inampendelea mtu anayelitazama jiwe kuelekea magharibi, jua linakozama. Giza kamili huingia karibu saa 2 usiku. Ifikapo saa 4 usiku, moyo wa Njia Nyeupe huwa upande wa kusini-magharibi, nyuzi 40 hivi juu ya upeo. Ngumi iliyokunjwa mwishoni mwa mkono ulionyooshwa hufunika takribani nyuzi 10, kwa hiyo ni ngumi nne juu ya maji. Wakati huo Nge amegeuka kichwa chini: ile nyota yake nyekundu, Antares, iko chini upande wa kulia, karibu nyuzi 24 juu ya maji, na mkia wake umeinuka juu kushoto. Saa moja baadaye moyo wenyewe umeshuka hadi nyuzi 27 hivi. Yeyote anayetaka kuhakikisha tarehe na saa nyingine anaweza kufungua programu ya bure ya Stellarium, akaweka Mwanza kuwa mahali, kisha akatazama upande uleule ambao kamera yake ilielekea.

Tulimshauri kijana huyo arudi na apige picha mbili badala ya kuazima. Ya kwanza ni ya jiwe, kutoka mahali palepale, saa 2 na nusu usiku, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu na mwanga ukipimwa kwa ajili ya jiwe. Ya pili ni ya mbingu, saa 4 usiku. Mjini, mwanga wa taa huimeza Njia Nyeupe, hivyo ni afadhali kuvuka kwa kivuko hadi ng'ambo ya Kamanga na kuelekeza kamera kusini-magharibi, ili mwanga wa jiji ubaki mgongoni. Umbali huo ni mdogo mno kiasi kwamba nafasi za nyota haziwezi kubadilika kwa namna ambayo jicho litaona. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi ya milimita 24, iliyosimamishwa wima, sekunde 15 kwa f/2.8 na ISO 3200 ni mwanzo mzuri. Ukizidisha sana sekunde hizo, mzunguko wa dunia hugeuza vitone vya nyota kuwa vijistari. Ni vyema kupiga picha kumi mfululizo, kuzipanga nyota kwa nyota na kuchukua wastani wake, kwa maana chembechembe za kelele, yaani vidoadoa vinavyochafua picha za gizani, hupungua hadi karibu theluthi moja.

Lenzi iwe ileile kwa picha zote mbili, na jambo hili hupuuzwa kuliko yote. Kutoka Antares hadi nyota angavu ya ncha ya mkia wa Nge ni nyuzi 17 na kitu, yaani karibu ngumi mbili. Kwa lenzi ya milimita 24 na picha yenye nukta 6000 kwa 4000, umbali huo hauna budi kuchukua nukta 1200 hivi. Ikiwa jiwe limepigwa kwa lenzi ya milimita 70 na Njia Nyeupe kwa lenzi pana, mkanda mzima hujikunja ndani ya kipande cha mbingu ambacho kwa kweli hakimtoshi hata Nge vizuri.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, picha ya jiwe hukaa chini na picha ya mbingu hukaa juu yake kama safu ya pili, ambayo namna yake ya kuchanganyika huwekwa kuwa "Screen". Namna hii hujumlisha mwanga bila kupunguza: penye weusi katika safu ya juu hapabadiliki kitu, na penye mwanga panaongezeka. Hesabu yake, thamani zote zikiwa kati ya 0 na 1, ni hii:

```
matokeo = 1 - (1 - chini) * (1 - juu)
```

Hesabu hiyo inaonyesha mtego wa kwanza. Mbingu iliyo katikati ya nyota si nyeusi kabisa katika picha yoyote ya usiku. Ikiwa ina thamani ya 0.2 katika safu zote mbili, matokeo ni 0.36, na mbingu nzima hupauka kama uji uliozidishwa maji. Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya, safu ya juu hutiwa giza kwa "Levels" mpaka sehemu zisizo na nyota zikaribie sifuri, ukibakiza mkanda wenyewe na nyota zake.

Mtego wa pili ni nyota maradufu. Picha ya jiwe, japo imepigwa mjini, ina nyota chache angavu, nazo zilikuwa mahali pengine kwa sababu saa moja na nusu imepita. Usipoziondoa, utakuwa na Antares wawili. Nakili safu ya chini, ipitishe kwenye kichujio cha "Median Blur" chenye kipenyo kikubwa kuliko nyota, kisha kwa kutumia maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu za safu na kuacha nyingine zionekane, ruhusu nakala hiyo ionekane mbinguni tu. Nyota hufutika, na mteremko wa rangi kutoka mwanga wa mjini hadi giza la juu hubaki. Maski hiyohiyo huifaa pia safu ya Njia Nyeupe, ili nyota zisije zikang'aa juu ya jiwe. Ukingo wa jiwe uvutwe karibu na ukaguliwe kwa ukubwa kamili, kwani uzi mwembamba wa mwanga unaolizunguka jiwe ndio alama ya kwanza anayoitafuta mkaguzi.

Kisha maski ya Njia Nyeupe ififishwe kuelekea chini. Mtu anayetazama nyuzi 30 juu ya upeo hutazama kupitia hewa mara mbili ya ile iliyo utosini, na kwa nyuzi 10 hewa hiyo hufika zaidi ya mara tano, ikiwa imejaa unyevu wa ziwa na moshi. Kwa hiyo mkanda huanza kufifia chini ya nyuzi 30 na hupotea kabla ya kugusa maji. Maji nayo hayabuni kitu: ziwa lenye mawimbi madogo, likipigwa kwa sekunde 15, hutoa ukungu laini wa mwanga na haliakisi nyota moja moja. Atakayeigeuza Njia Nyeupe juu chini na kuilaza juu ya mawimbi hayo atakuwa amejishtaki mwenyewe.

Vivuli pia husema. Mwezi mpevu hutupa vivuli vikali juu ya mawe na huifuta Njia Nyeupe karibu yote, hivyo vitu hivyo viwili haviishi pamoja katika picha moja. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko sisi, kwa kuwa taa zao huvuta dagaa vizuri katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wengi hupumzika.

Kuhusu aurora, ile mianga ya kijani na nyekundu ya karibu na ncha za dunia, jibu letu ni fupi zaidi. Mwanga wake wa kijani hutokea kilomita 100 na ushei juu ya ardhi, na kwa mviringo wa dunia, kitu cha kimo hicho hakionekani kwa mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 1,100 hivi, ilhali kwa kawaida aurora hukaa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Katika dhoruba kubwa ya jua ya Mei 2024 kamera ziliinasa hata Namibia, lakini ilikuwa wekundu hafifu. Pazia la kijani juu ya Ghuba ya Mwanza ni mchoro, na liitwe mchoro. Hata hivyo, msomaji asikimbilie kufuta kila kijani anachokiona: hewa ya juu, kwenye kimo cha kilomita 90 hadi 100, hutoa mng'ao wake hafifu wa kijani duniani kote, ikweta ikiwemo, na kamera nzuri huunasa kama utando uliotawanyika, usio na mikunjo ya pazia.

Kijana yule alirudi baada ya siku chache na picha mpya. Njia Nyeupe ilikuwa imesimama kushoto kwa jiwe, hafifu kuliko ile ya kwanza, na Nge alikuwa ameinamisha kichwa panapostahili. Tulimrudisha kwa jambo moja tu. Kwenye mstari wa maji palikuwa na safu mbili za taa za dagaa, kwa sababu picha ya mbingu nayo ilizinasa za upande wa Kamanga, na "Screen" ikazijumlisha na zile za picha ya jiwe. Alipandisha ukingo wa maski hadi juu kidogo ya upeo, safu moja ikatoweka, kisha chini ya picha akaandika: "Picha mbili za usiku mmoja: jiwe, saa 2:30, mbingu, saa 4:00, kutoka Kamanga."