Kotesheni ya simenti na nondo: siku za bei zianze lini, ziishe na nini

Kotesheni nyingi za maduka ya vifaa vya ujenzi zinaandikwa hivi: "Bei ni ya siku 7. Mzigo utafika ndani ya siku 3. Malipo ya awali asilimia 60." Kila sentensi inasomeka vizuri ikiwa peke yake, lakini zikiwekwa pamoja zinagombana. Siku 7 kuanzia lini? Kuanzia tarehe ya kotesheni, au siku mteja alipofungua barua pepe? Na kitu gani kinaifunga bei: LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza, picha ya risiti ya benki, au fedha kuonekana kwenye akaunti? Kila muda unaoutaja lazima uwe na tukio linaloufungua na tukio linaloufunga, na tukio linalofunga bei liwe ndilo linalofungua siku za usafirishaji. Hapo masharti matatu yanakuwa mnyororo mmoja.

Tuchukue duka la Dar es Salaam na shule ya bweni binafsi ya Mlandizi inayojenga bweni. Wanataka simenti mifuko 400 na nondo za milimita 12 vipande 150. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Simenti ni shilingi 14,000 kwa mfuko na nondo 22,000 kwa kipande, zote kabla ya VAT, ambayo kwa mfano huu nitaihesabu kwa asilimia 18.

Kabla ya kuandika chochote, piga hesabu ya uzito, kwa sababu ndiyo inayoamua gharama ya usafiri. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 400 ni tani 20: Fuso mbili za tani 10, zimejaa kabisa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, na vipande 150 vinakaribia tani 1.6. Makosa mengi yanaanzia hapa. Muuzaji anaweka safari mbili akidhani nondo "zitapanda juu ya simenti". Siku ya kupakia, ama gari linazidi uzito na kuzuiwa kwenye mizani, ama mifuko inabaki dukani na mteja anahesabu pungufu. Nondo zinahitaji safari yake, na Kenta inatosha ikiwa mteja amekubali zikunjwe. Ulizeni mapema, maana mafundi wengine hawataki nondo iliyokunjwa.

Kwa safari mbili za Fuso za 150,000 na moja ya Kenta ya 80,000, usafiri ni 380,000. Barua yenyewe ningeiandika hivi:

Kichwa: Kotesheni Na. 047/2026: simenti mifuko 400, nondo vipande 150 (mwisho Ijumaa 13 Machi 2026, saa 10 jioni)

Ndugu Mhasibu,

Habari za kazi. Tunashukuru kwa maombi yenu ya leo, Jumatatu 9 Machi 2026. Bei zetu ni hizi:

Simenti 42.5N, mfuko wa kilo 50, mifuko 400 kwa 14,000: 5,600,000
Nondo milimita 12, urefu mita 12, vipande 150 kwa 22,000: 3,300,000
Usafiri hadi eneo la ujenzi Mlandizi, safari 3: 380,000
Jumla kabla ya VAT: 9,280,000
VAT asilimia 18: 1,670,400
Jumla ya kulipa: shilingi 10,950,400

Bei hizi zinadumu hadi Ijumaa 13 Machi 2026, saa 10 jioni. Zitafungwa kwenu pale malipo ya awali ya asilimia 60, yaani 6,570,240, yatakapoonekana kwenye akaunti yetu kabla ya saa hiyo. LPO pekee haitoshi kufunga bei.

Simenti itafika ndani ya siku 3 za kazi tangu malipo hayo yaonekane. Salio la 4,380,160 lilipwe baada ya simenti kuhesabiwa na kupokelewa. Nondo zitaondoka siku ya kazi inayofuata baada ya salio kuonekana. Bei ya usafiri inafika pale Fuso inapoweza kuingia yenyewe. Vibarua wa kushusha ni wa shule.

Mzigo uhesabiwe gari likiwepo. Mfuko uliopasuka au kulowa uandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla dereva hajaondoka, nasi tutaubadilisha. Risiti ya EFD itatolewa kwa malipo yote.

Akaunti yetu ni ile iliyo kwenye profoma iliyoambatishwa, yenye jina la duka. Hatubadilishi akaunti kwa barua pepe wala ujumbe wa simu.

Mwisho wa barua.

Tazama jinsi nondo zilivyopangwa kuondoka mwisho. Magari mawili ya simenti pamoja na usafiri wake na VAT yana thamani ya 6,962,000, wakati malipo ya awali ni 6,570,240. Kwa hiyo deni ambalo duka linabeba likisubiri salio ni 391,760 tu. Kama fundi anataka nondo kwanza kwa ajili ya msingi, kubali, lakini ipange upya: nondo na gari la kwanza la simenti vina thamani ya 7,469,400, na deni linapanda hadi 899,160. Hapo mimi ningeomba malipo ya awali ya asilimia 70, yaani 7,665,280, yanayofunika safari zote mbili, na gari la mwisho la simenti lisubiri salio.

Kuhusu VAT, usimwandikie mteja bei kabla ya kodi kwa herufi kubwa na jumla kwa herufi ndogo. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo shule hairudishiwi VAT iliyolipa kwenye simenti. Kwa mhasibu wake, gharama ya kweli ni ile jumla ya mwisho, na ndiyo atakayoilinganisha na maduka mengine. Akiona bei ya mfuko bila kodi, kisha jumla ikaja juu, ataamini umemzunguka. Na kama duka halijasajiliwa VAT, halina ruhusa ya kuitoza. Andika bei moja tu.

Sharti la "pale Fuso inapoweza kuingia yenyewe" linaonekana dogo, ila mzigo huu unafika Machi, masika yakianza, na njia ya eneo la ujenzi huwa tope. Bila sharti hilo, Fuso ikikwama mita 300 kabla ya stoo, nani analipa vibarua wa kubeba mifuko 200? Na kama mvua inakuja, uliza kama stoo ina sakafu kavu na mbao za kupanga mifuko. Simenti iliyolala chini inavuta unyevu na kuganda, na mteja atasema aliletewa ikiwa imeganda.

Bei ikiisha muda na mteja akarudi Jumatatu, usimjibu "sawa, tuendelee na ile ya zamani" kwa simu. Mpe kotesheni mpya yenye namba mpya na tarehe mpya, hata kama bei haijabadilika, na uandike kwamba inachukua nafasi ya Na. 047/2026. La sivyo mhasibu atabaki na karatasi mbili, na LPO itatoka na namba ya ile iliyokufa.