Emoji si hisia, ni herufi

Wiki hii nimesikia tena mtu akimweleza mwenzake kwamba emoji ni "picha ya hisia", pambo tu, na kwamba kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona yaliyo kwenye skrini, hulipita kimya. Hakilipiti. Emoji ni herufi yenye umbo la picha, na kila moja ina jina lake ambalo kisoma skrini hulitamka.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Watu husikia "emo" wakadhani limetokana na neno la Kiingereza la hisia. Kumbe ni Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Kufanana na Kiingereza ni sadfa. Neno lililotokana na hisia ni emotikoni, nalo ni kitu kingine: uso unaoundwa kwa alama za kawaida, kama :-) ambao Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliupendekeza mwaka 1982. Emoji zilianza kuenea kwenye simu za Japani miaka ya 1990. Seti inayojulikana zaidi ni ile ya alama 176 ya Shigetaka Kurita, aliyoibuni kwa ajili ya kampuni ya NTT DoCoMo mwaka 1999. Mwaka 2010 zikaingizwa kwa mamia katika Unicode, orodha ileile inayohifadhi a, b, d zetu na herufi za Kiarabu. Tangu hapo 🎂 ina namba na jina kama ilivyo kwa herufi yoyote.

Sasa chukua salamu hii, ya aina tunayoiona kila siku:

🎂🎂🎂🎂 Heri ya 🎂🎂 kuzaliwa 🙏🏾🙏🏾🙏🏾 karibuni
saa
kumi jioni

Anayesikiliza hupata: keki ya siku ya kuzaliwa, keki ya siku ya kuzaliwa, mara nne, ndipo "Heri ya", kisha keki mbili, ndipo "kuzaliwa". Baadhi ya visoma skrini huzihesabu zinazofuatana na kutaja jina mara moja, vingine hutaja moja baada ya nyingine. Mikono nayo ni mirefu zaidi, kwa sababu ukichagua rangi ya ngozi, rangi hiyo pia hutamkwa: mikono iliyokunjwa, rangi ya ngozi ya wastani kuelekea nyeusi. Mara tatu. Na angalia kwamba jina halisemi "asante" wala "amina". Linataja umbo tu. Ulichokikusudia kiandike kwa maneno.

Hiyo mistari iliyokatwa kwa ajili ya urembo nayo ina matokeo yake. Baadhi ya visoma skrini huuchukulia kila mstari kama kipande cha peke yake, na "saa" inabaki ikining'inia bila namba. Kinyume chake, ukianza mstari mpya bila kuweka nukta mwishoni mwa uliotangulia, huenda sauti isitue, na "karibuni" ikaungana na sentensi inayofuata. Kwa hiyo kata mstari pale wazo linapoisha, na uweke nukta hapo. Usitumie nukta pweke kujaza mistari mitupu, maana huweza kusomwa "nukta, nukta, nukta".

Salamu ileile, ikisikika:

Heri ya kuzaliwa! 
Karibuni nyumbani saa kumi jioni.
Asanteni kwa dua zenu. 🎂🙏

Emoji mbili, mwishoni, baada ya ujumbe kukamilika. Sherehe ipo, na anayesikiliza ameshajua saa kabla ya kufika kwenye keki.

Kuna kosa la pili ambalo ni kioo cha hili. Wapo wanaoandika 𝓗𝓮𝓻𝓲 kwa mwandiko wa mapambo walionakili mahali, wakiuita "fonti". Si fonti. Hizo ni alama za hisabati katika Unicode, zinazofanana na herufi kwa macho tu. Kisoma skrini chaweza kutaja kila moja kwa jina lake refu la kihisabati, au kuliruka neno zima, na heri yako isifike kabisa. Emoji inaonekana picha kumbe ni herufi. Hizi zinaonekana herufi za kawaida kumbe ni alama za fomula.

Basi kwa yule ndugu niliyemsikia: nadhani alichokuwa nacho akilini ni stika. Stika ni picha kweli, haina herufi ndani yake, na mara nyingi asiyeona huambiwa tu kwamba kuna stika au picha. Ukituma stika ya "Hongera", andika pia hongera chini yake. Ukituma emoji, jua kwamba umeshaandika neno, na litasomwa.