Picha ya skrini yenye michirizi na mng'ao: watu wanavyoamini na ukweli wake

Nina steshenari hapa Mtwara mjini na kazi moja inayonijia sana, hasa msimu wa korosho, ni ya makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, huko Tandahimba, Newala na Masasi. Mtu amekwama kwenye kompyuta ya chama, haina intaneti, anaipiga picha skrini kwa simu ananitumia, afu mi naandika kila neno lililopo kwenye menyu na pembeni naweka Kiswahili chake, naprinti, anabandika ukutani. Picha zenyewe sasa, zina michirizi ya rangi kama upinde wa mvua, dirisha limeng'aa katikati ya kioo, na maandishi ya menyu ni madogo kama chawa. Kuna mambo watu wanayaamini kuhusu picha hizi yanayofanya kazi iharibike kabla haijaanza, nayaweka hapa.

Dhana: michirizi ni kioo kibovu au kamera ya bei rahisi

Hapana. Chukua vyandarua viwili, kilaze kimoja juu ya kingine uvitazame kwenye mwanga, utaona mawimbi makubwa ambayo hayapo kwenye chandarua chochote kati ya hivyo viwili, na ukisogeza kimoja kidogo tu mawimbi yote yanahama. Skrini ni wavu wa pikseli, yani vinukta vidogo vya mwanga, na ndani ya simu nyuma ya lensi kuna wavu mwingine wa vijicho vinavyopokea mwanga. Nyavu mbili zikikaribiana ukubwa, mawimbi yanatokea, wapiga picha wanayaita mware. Simu ya gharama inayatoa vilevile, na kioo kipya kabisa pia.

Kutokana na hapo unapata jambo la maana: michirizi haikai sehemu moja. Ukisogea sentimita tano au ukaizungusha simu kidogo, mchirizi uliokuwa juu ya neno unahamia kwingine. Kwa hiyo siku hizi siombi picha moja nzuri, naomba tano za kawaida, kila moja simu imesogezwa kidogo, na mara nyingi neno lililofichwa kwenye ya kwanza linasomeka kwenye ya tatu.

(Mistari minene myeusi ya kulala inayokatiza skrini nzima ni kitu kingine, inatokana na kamera kufunga haraka wakati taa ya nyuma ya skrini inawaka na kuzima. Kama simu ina sehemu ya kupanga muda wa kamera weka 1/60 au 1/30, au ongeza mwangaza wa skrini, mara nyingi inapungua.)

Dhana: rudi nyuma, michirizi itaisha

Ukienda mbali kabisa itaisha kweli, na herufi zitaisha nayo. Hii ndio ushauri naousikia kuliko wote na kwa maandishi ya menyu ni mbaya. Tuhesabu taratibu. Laptopu nyingi za ofisi huku zina skrini ya pikseli 1366 kwa upana, na herufi ndogo ya menyu kama "e" ina urefu wa pikseli 6 au 7 tu za skrini. Simu inayotoa picha ya upana wa pikseli 4000, skrini ikijaa picha nzima, kila pikseli ya skrini inapata karibu pikseli 3 za picha, "e" yako inakuwa na urefu wa 18 au 20 na inasomeka. Ukirudi nyuma mpaka skrini ikachukua theluthi ya picha, unabaki na pikseli moja kwa moja, "e" imekuwa doa la urefu wa 6, na hapo ndipo nyavu zimelingana ukubwa kabisa, yani umeenda mahali pabaya kuliko pote.

Fanya kinyume. Sogea karibu mpaka menyu peke yake ijaze picha, achana na skrini nzima. Kila pikseli ya skrini ikipata pikseli tano sita za picha, wavu wa kamera unakuwa mwembamba sana kuliko wa skrini na mawimbi yanafifia yenyewe. Ukikaribia mno simu inashindwa kufokasi, basi rudi kidogo tu hadi herufi zikae sawa.

Afu kuna kutuma. Ukituma kwa wasapu kama picha ya kawaida inapunguzwa, mara nyingi inafika na upana wa 1600 hivi, sasa ile hesabu ya 3 imerudi kuwa moja na kidogo. Tuma kama Document, faili inafika kama ilivyotoka. Makarani wanaona ni usumbufu ila hiki ndio kitu kimoja nasisitiza mpaka nachukiza.

Dhana: nikiona michirizi kwenye simu yangu basi picha imeharibika

Sio lazima. Picha ya upana wa 4000 simu inabidi iibane iingie kwenye kioo chake kidogo, na kule kubana kwenyewe kunaweza kuzaa mawimbi mapya. Jaribu kuikuza kwa vidole viwili, ukiona michirizi inacheza na kubadilika umbo kadiri unavyokuza, basi hiyo ni ya onesho tu, haimo kwenye faili. Iliyomo kwenye faili inakaa palepale juu ya neno lilelile hata ukuze vipi. Nimeshawahi kumrudisha mtu apige upya picha ambayo ilikuwa nzuri, kumbe sikuikuza.

Dhana: ongeza ukali wa picha, maandishi yatatokea

Ukali unaongeza tofauti kati ya pikseli na jirani yake, na mchirizi nao ni tofauti kati ya pikseli na jirani yake. Zinanona zote mbili, na kwa kawaida mchirizi ndio unashinda.

Njia inayofanya kazi inashangaza kidogo, unatoa rangi kwanza afu unaitia ukungu kidogo sana. Rangi za upinde wa mvua zinatokea kwa sababu vijicho vya kamera vimegawanywa, nusu vinapokea kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani kiko kwa wingi, wavu wake umeshonana zaidi, kwa hiyo mawimbi yake ni madogo kuliko ya nyekundu na bluu. Ukitenga kijani peke yake unapata picha ya kijivu ambayo upinde wa mvua mwingi umeondoka na herufi zimebaki. Kwenye programu ya GIMP ni Colors, kisha Components, kisha Decompose. Ukiwa na ImageMagick ni mstari mmoja:

```
convert picha.jpg -channel G -separate +channel -blur 0x1.2 kijani.png
```

Hiyo 1.2 ni kiasi cha ukungu. Kwa picha ambayo herufi ina pikseli 20 inatosha, ukipandisha hadi 3 tundu la "e" linaziba na inaanza kufanana na "c". Ukiona hivyo umepitiliza, rudisha.

Dhana: mng'ao nao unatolewa kwa apu

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Michirizi imechafua herufi lakini herufi ipo chini yake. Mng'ao mkali umeifuta. Pikseli ikifika 255, ambao ni mwisho wa weupe, kamera haina pa kuandika kingine, na apu ikikuletea herufi pale imezitunga.

Kipimo ni rahisi. Shusha mwangaza wa picha mpaka chini. Lile doa jeupe likigeuka kijivu tupu, laini kama sahani, hamna kitu ndani. Likigeuka kijivu na ukaona vivuli vya herufi, ule ulikuwa utando tu, labda shati jeupe la mpigaji limejiona kwenye kioo, na hapo ukiongeza kontrasti kwenye sehemu ile peke yake unasoma.

Lililofutwa dawa yake ni picha ya pili. Mwanga unadunda kwenye kioo kama mpira ukutani, ukihama hatua moja kushoto doa linahama na herufi zinabaki palepale, basi unachanganya nusu ya huku na nusu ya kule. Zima flashi. Kama dirisha liko nyuma yako mtu ashike kanga nyeusi nyuma ya simu, doa linakufa kabisa.

Dhana: programu naijua, nijazie tu kwa kichwa

Hii ndio iliniponza. Dada karani mmoja alinitumia menyu ya Data ya LibreOffice Calc, swali lake, "Kaka shikamoo, nataka mkulima mwenye kilo nyingi awe juu, nibonyeze wapi?" Michirizi ilipita juu kushoto, mng'ao wa dirisha ulikula mwisho wa mistari. Nilichokiona kweli ni hiki:

```
Sort...
Sort [??]cending
Sort [???]cending
AutoFilter [mng'ao]
More Filters
Define Range[mng'ao]
Select Range[mng'ao]
Refresh Range[mng'ao]
```

Kila alama ya kuuliza ni herufi moja niliyoona nafasi yake bila kuijua. Mstari wa pili na wa tatu nilivipata bila kubahatisha, kwenye kijani neno la chini lilizidi la juu kwa upana wa herufi moja na lilianza na mti uliosimama wima, sio mteremko. Hiyo ni D, basi chini ni Descending, kubwa kwenda ndogo, ndio alichotaka.

Ile mitatu ya Range sasa. Define na Select zina vidoti vitatu mwishoni, nazijua, nikajaza na Refresh vidoti vitatu kwa mazoea maana mistari imepangana. Picha ya pili ilipofika, kapigia upande wa mlango, Define na Select zina vidoti kweli ila Refresh Range haina, na mbele ya AutoFilter kulikuwa na Ctrl+Shift+L ambayo mi hata sikuiweka. Vidoti sio pambo. Vinamaanisha ukibonyeza litafunguka dirisha la kukuuliza kwanza, bila vidoti kitu kinafanyika papo hapo. Karani anayesoma karatasi yangu ukutani angesubiri dirisha ambalo haliji.

Toka hapo nisichokiona naandika "haisomeki", hata kama nakijua, na ninachojazia toka kichwani nakiwekea alama tofauti pamoja na toleo la programu, kwa sababu menyu zinabadilika toleo hadi toleo na chama cha kijijini kinaweza kuwa na la miaka mingi nyuma.

Maneno yaliyofifia kwa kijivu, yale ambayo hayabonyezeki, mara nyingi hata picha tano hazitoshi, kijivu juu ya kijivu na mchirizi juu yake. Hayo nampigia simu mwenyewe ananisomea herufi moja moja, S ya Saidi, e ya embe, tunamaliza dakika tatu.