Vitu tunadanganyana kuhusu ile imeli ya kutumia odita documenti

Mimi hushika vitabu vya akaunti kwa duka moja la jumla la pembejeo hapa Kisumu, tuko na matawi mawili madogo, Ahero na Kakamega, na kila mwaka kuanzia Februari odita wa nje hututumia ile orodha yake ya vitu anataka. Mwaka huu imeli yangu ya kwanza ilirudishiwa na mstari mmoja tu, "Tafadhali nitumie upya, sijui nimepata nini na nimekosa nini." Niliskia vibaya, lakini baadaye nikaona alikuwa sawa kabisa. Sasa wacha niseme vile nilikuwa nafikiria, na vile mambo iko.

Dhana: ukimtumia mafaili mengi, umemaliza kazi yako.

Hii ndio kubwa. Tarehe 10 Februari 2025 nilituma mafaili 31. Gmail haikubali viambatisho vinavyopita MB 25 kwa imeli moja, kwa hivyo nilizigawanya kwa imeli nne, zote zikisema "Habari, pokea documenti ulizoomba". Majina ya mafaili yalikuwa vile skana iliyaita, `scan0003.pdf`, `scan0004.pdf`, na moja inaitwa `final final.xlsx`, hata mimi mwenyewe ningeambiwa nitafute stetimenti ya Agosti ningeanza kufungua moja moja.

Ukweli ni kwamba odita aliomba vitu 9, na kila kitu alikipatia namba. A1 ni urari, A2 leja kuu, B1 stetimenti za benki, B2 upatanisho wa benki, B3 barua ya benki ya kuthibitisha salio, C1 orodha ya wadeni, D1 karatasi za kuhesabu stoku, E1 mishahara, F1 documenti za lori tulilonunua 2024. Hizo namba si mapambo. Ndio hutumia kwa faili lake la kazi, na kila kitu anachokagua lazima aonyeshe kimetoka wapi. Ukimjibu bila hizo namba unampea kazi ya karani, na hiyo masaa anaihesabu.

Halafu namba peke yake haitoshi, faili inafaa iseme jumla yake na hiyo jumla inaingiana na nini. Hapa ndio nilipatikana. Orodha yangu ya wadeni ilikuwa inaonyesha 9,118,500 na urari unasema 9,376,500. Tofauti ya 258,000. Hakuna mtu aliiba kitu, niliprinti ripoti tarehe 8 Januari na sistimu ikanipea madeni ya siku hiyo, wateja walikuwa washaanza kulipa baada ya sikukuu. Ningeiweka "kufikia 31/12/2024" kabla ya kubonyeza, ingeingiana shilingi kwa shilingi. Na kama ningekuwa nimejilazimisha kuandika jumla kando ya jina la faili, ningeiona kabla hata sijatuma.

Dhana: PDF ndio inaaminika, Excel watu huchezea.

Bosi wangu ndio huamini hii, ati odita akipewa Excel atadhani tumebadilisha namba. Lakini kwa urari na leja kuu odita anataka Excel kabisa, juu anataka kujumlisha mwenyewe, kuchuja, kupanga kwa kiasi na kuchagua sampuli. Leja yetu ya 2024 iko na mistari 14,208, hiyo kwa PDF ni kumwambia aanze kuandika upya. PDF iweke kwa vitu vilivyotoka nje, stetimenti ya benki, invoisi ya saplaya, karatasi zilizosainiwa, na huko usiguse kitu, tuma vile ilitoka benki. (Stetimenti, ongeza ya Januari 2025 bila kuombwa, atahitaji kuona cheki za Desemba zilipita lini.)

Dhana: kitu haiko tayari, nyamaza mpaka ipatikane.

Tulifundishwa hivyo, usijitoe makosa. Lakini odita akihesabu 9 na apate 7 hajui kama umesahau, umekataa ama haipo kabisa. Hizo ni vitu tatu tofauti kwake. Document ikichelewa wiki mbili ni kuchelewa tu. Ikikosekana kabisa, atatafuta ushahidi mwingine wa jambo hilo hilo, na ni akishindwa kupata ushahidi wa kutosha juu ya kitu kikubwa ndio maoni yake kwa ripoti yanaanza kubadilika. Sasa ukimnyamazia unamnyima muda wa kutafuta hiyo njia ingine.

Kwa hivyo vitu vya wazi viandike, na kila kimoja kiwe na mambo tatu: ni nini haswa inakosekana, nani anaifuata, na siku. "Tunafuatilia" si jibu. Hii hapa ndio imeli niliyotuma Ijumaa 14 Februari, sisi huandika kwa Kizungu lakini nimeiweka kwa Kiswahili:

> Kichwa: Ukaguzi wa mwaka ulioisha 31/12/2024: vitu 6 kamili, 1 nusu, 2 wazi
>
> Habari Bwana Odita,
>
> Hii inachukua nafasi ya imeli nne za 10 Februari, tafadhali usitumie zile. Mafaili yako kwa folda ambayo ni anwani yako pekee inaweza kufungua.
>
> Kamili
> A1 `A1_Urari_2024-12-31.xlsx`: 86,412,300 kila upande
> A2 `A2_Leja_Kuu_2024.xlsx`: mistari 14,208, Januari hadi Desemba
> B1 `B1_Stetimenti_2024-01_2025-01.pdf`: miezi 13
> B2 `B2_Upatanisho_2024-12.xlsx`: salio la daftari 1,141,350, linaingiana na A1 (angalia swali hapo chini)
> C1 `C1_Wadeni_2024-12-31.xlsx`: 9,376,500, inaingiana na A1. Ile ya kwanza ya 9,118,500 ilikuwa ya tarehe 8 Januari, ilikuwa kosa langu
> E1 `E1_Mishahara_2024.xlsx`: imefungwa, neno la siri nitakupigia
>
> Nusu
> D1 `D1_Stoku_Kisumu_Ahero.pdf` ipo. Kakamega karatasi namba 4 kati ya 6 haijapatikana. Anayeifuata ni mtunza stoo wa Kakamega, Jumanne 18 Februari.
>
> Wazi
> B3 Barua ya idhini kwa benki imesainiwa na wakurugenzi wawili, uko nayo kwa folda. Benki itakujibu wewe moja kwa moja.
> F1 Invoisi ya lori ipo. Logbuku imeshikiliwa na benki kwa ajili ya mkopo, nimeomba nakala. Ninaifuata mimi, Ijumaa 28 Februari.
>
> Swali letu
> Kwa B2 kuna cheki ya 38,500 ya tarehe 20 Mei 2024 ambayo haijawahi kupelekwa benki. Tunaangalia na saplaya kama bado tunadaiwa, nitakuambia kabla ya 21 Februari.

Angalia kichwa. Odita yuko na wateja wengi msimu huu, na kwa simu anaona kichwa peke yake. Na ule mstari wa kusema zile za kwanza zisitumike, usiuache, kwa sababu bila huo ana orodha mbili za wadeni na hajui ni gani ya ukweli.

Mishahara, nilikuwa natuma wazi tu miaka yote. Hiyo faili iko na namba za kitambulisho, PIN za KRA na akaunti za benki za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatushika sisi wenye kuitunza. Neno la siri likienda kwa imeli ile ile iliyo na faili, ni kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kwa kufuli.

Dhana: barua ya benki nitaenda kuichukua mwenyewe, ni haraka.

Nilijitolea kabisa, benki iko mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini. Odita alikataa na nikadhani ananidharau. Kumbe kiwango cha ukaguzi, ISA 505, kinamtaka yeye ndiye ashike huo mchakato, aitume mwenyewe na ijibiwe kwake, kwa sababu barua ikipitia mikononi mwa anayekaguliwa inapoteza maana. Kazi yangu inaishia kwa idhini, na ihakikishwe sahihi ni zile zile benki iko nazo kwa mandeti. Mkurugenzi mmoja akibadilisha sahihi kidogo tu, benki inarudisha na wiki imeenda.

Dhana: ukipata kosa baada ya kutuma, badilisha faili kwa folda kimya kimya.

Hapana, na hii ndio inaweza kukuletea shida ya kweli hata kama nia yako ni safi. Turudi kwa ile cheki. Upatanisho wetu ulikuwa hivi: benki inasema 1,284,600, toa cheki ambazo hazijapita 195,250, ongeza pesa iliyokuwa njiani kuingia 52,000, unapata 1,141,350. Hesabu inakaa poa. Shida ni kwamba cheki hapa kwetu hukaa miezi sita halafu inakufa, na hiyo ya Mei ilikuwa imekufa tangu Novemba. Benki haiwezi kuilipa tena, kwa hivyo haifai kukaa kwa orodha ya zinazongojewa.

Saplaya akasema cheki ilipotea na bado anatudai. Basi 38,500 inarudi kwa benki na inarudi kwa wadai. Cheki za kungojea zinabaki 156,750, salio la daftari linakuwa 1,179,850. Faida haiguswi, lakini urari umebadilika kwa akaunti mbili, na jumla yake imepanda hadi 86,450,800 kila upande.

Kama ningeziandika juu ya zile za zamani, odita angefungua folda Jumatatu apate namba tofauti na alizoshaprinti, bila maelezo. Niliziacha pale na nikaweka `B2_Upatanisho_2024-12_v2.xlsx` na `A1_Urari_2024-12-31_v2.xlsx`, na imeli fupi ya mistari minne: kilichobadilika, kwa nini, akaunti gani mbili, na vocha ya marekebisho ikiwa imeambatishwa. Akajibu siku hiyo hiyo, B2 imefungwa.

Karatasi namba 4 ya Kakamega ilipatikana ndani ya kitabu cha delivari, imelowa chai lakini inasomeka. F1 bado iko wazi vile naandika hii, benki inasema logbuku iko Nairobi, nimeshamwandikia odita tarehe mpya kabla ile ya kwanza haijapita.