Betri zimekufa mapema, au hazijajaa?

"Fundi, betri za sola hazijamaliza hata mwaka, saa tatu usiku taa zinazima. Si ni feki hizi?"

Zinaweza kuwa feki, ila mimi huanza na paneli. Duka moja la Urambo lilikuwa na betri mbili za maji za volti 12, ampea-saa 200, zimeungwa mfululizo kupata volti 24. Betri za ukubwa huo zinataka chaji ya ampea 20 hivi. Paneli zake mbili za wati 150 zilitoa ampea 11 jua la utosini, yaani kwa saa tano za jua hilo kama ampea-saa 55 kwa siku, wakati friji na taa vilikula 60. Kila siku deni.

Betri isiyojaa kwa wiki nyingi huota salfeti ngumu kwenye sahani zake. Utaijua hivi: ikichajiwa volti hupanda haraka kama imejaa, ukiwasha friji zinaporomoka. Ikiwahiwa, chaji ndefu kamili huirudisha kiasi; ikichelewa, basi tena.

Kabla ya kulaumu salfeti, zima kila kitu, paneli pia, subiri saa chache, kisha pima kila betri peke yake. Pale Urambo zote zilisoma volti 12.2, yaani zimejaa nusu tu: chaji ndogo. Moja ingesoma 12.7 na mwenzake 11.9, tatizo lingekuwa kutolingana, maana chaja huona jumla tu. Ndiyo maana kuchanganya betri mpya na kuukuu, jambo ambalo wauzaji wetu hulipenda, huiponza ile mpya.

Tuliongeza paneli mbili.